Sikio, Sauti na Mizani ya Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia zaidi hapa Tanga, kwa wavuvi, waendesha baiskeli, wazamiaji na wazee wanaoamka asubuhi dunia inawazunguka. Majibu yote yanarudi kwenye kitu kimoja kidogo sana, seli yenye nywele. Ukiijua seli hiyo, utaelewa kwa nini kusikia na kusimama bila kuyumba vinakaa ndani ya mfupa mmoja.

Sauti ni hewa inayotikisika. Kwa nini sikio linahitaji vifupa vitatu, hewa isiingie moja kwa moja?

Kwa sababu huko ndani kuna maji, na hewa haiwezi kuyatikisa maji kirahisi. Jaribu hili ukienda kuogelea Raskazone: watu wanaongea ufukweni, wewe zamisha kichwa. Maneno yanakatika papo hapo, ingawa wao hawajaacha kuongea. Sauti inayosafiri hewani ikigonga maji karibu yote inarudi ilikotoka. Inayopenya ni kama sehemu moja tu katika elfu.

Sikio limelitatua tatizo hilo kwa ufundi wa nguvu. Kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa tundu, hupokea mtikisiko juu ya eneo lenye ukubwa wa milimita za mraba 55 hivi. Mtikisiko unapita kwenye nyundo, fuawe na kikuku, vifupa vidogo kuliko vyote mwilini. Unyayo wa kikuku umekaa juu ya kidirisha chenye umbo la yai ambacho eneo lake ni milimita za mraba 3 na kidogo tu. Nguvu ileile iliyotawanyika juu ya eneo kubwa sasa inakandamiza mahali padogo, kama kisigino chembamba cha kiatu kinavyozama kwenye mchanga pale ambapo ndara haizami. Ongeza na vile vifupa vinavyofanya kazi kama wenzo, shinikizo linafika kwenye maji ya ndani likiwa limezidishwa mara 20 hivi.

Ndiyo maana mtu mwenye kiwambo kilichotoboka, au mwenye usaha nyuma ya kiwambo, husikia kwa chini ingawa neva zake ni nzima. Sauti inakwama njiani kabla ya kufika majini.

Huko ndani sikio linajuaje hii ni sauti nene na hii ni nyembamba?

Kwa mahali. Koklea ni mfereji uliojikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu na zaidi kidogo. Ukiunyoosha unapata urefu wa milimita 35 hivi. Katikati yake, kutoka mlangoni hadi kileleni, umetandazwa utando. Mlangoni utando huo ni mwembamba kwa upana na umekaza. Kileleni ni mpana na umelegea. Kikuku kikisukuma maji, wimbi linakimbia juu ya utando, linapanda, linafikia kilele mahali fulani, kisha linazimika. Sauti nyembamba, kama filimbi au kengele ya baiskeli, inapandia mlangoni. Sauti nene, kama mdundo wa ngoma kubwa au injini ya boti, inasafiri mpaka karibu na kilele cha konokono. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha mwendo wa wimbi hilo.

Mpangilio huu unaeleza malalamiko ambayo wazee wengi wanayo: "Nasikia mtu anaongea, ila sielewi anasema nini." Seli za mlangoni ndizo huharibika kwanza, na ndizo zinazobeba sauti nyembamba. Herufi kama s, f, sh na th ziko kwenye sauti hizo, wakati irabu ni nene zaidi. Mzee anasikia irabu zote vizuri, lakini "shika" na "fika" anaona ni neno moja. Kumpigia kelele hakumsaidii sana. Kaa mbele yake, aone midomo yako, uongee taratibu.

Nywele zinapinda, sawa. Umeme unatoka wapi?

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Juu ya utando wa koklea zimepangwa safu za seli, na kila seli ina shada la vinywele kichwani. Safu moja ya ndani, yenye seli 3,500 hivi kwa kila sikio, ndiyo inayopeleka habari kwenye ubongo. Safu tatu za nje zina seli kama 12,000, na kazi yake ni nyingine: zenyewe zinacheza, zinafupika na kurefuka kufuata sauti, na hivyo kuikuza sauti hafifu kabla safu ya ndani haijaipokea.

Vinywele vya shada moja havilingani. Vimepangwa kama ngazi, kifupi mbele, kirefu nyuma. Ncha ya kila kifupi imefungwa kwa uzi mwembamba mno kwenye ubavu wa kirefu kinachofuata, na huo uzi umeshikilia kilango kwenye ngozi ya kinywele. Shada likipinda kuelekea upande wa virefu, nyuzi zinakaza na kuvuta vilango vikafunguka. Likipinda upande wa pili, nyuzi zinalegea na vilango vinafunga. Hakuna kemikali ya kusubiri hapo, ni kamba na mlango. Ndiyo maana seli hizi zinaweza kufungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde moja.

Kinachoingia mlangoni ni chembe za potasiamu. Maji yaliyozunguka vinywele yana potasiamu nyingi kuliko kawaida ya maji ya mwilini, na yana chaji chanya ya milivolti 80 hivi. Ndani ya seli kuna chaji hasi. Tofauti hiyo ndiyo betri ya sikio: mlango ukifunguka tu, potasiamu inaingia kwa kasi bila kusukumwa. Chaji ya seli inabadilika, vilango vingine vya chini vinaruhusu kalisi kuingia, na kalisi inaifanya seli imwage kemikali iitwayo glutamati juu ya ncha ya neva. Neva inawaka, ishara inakwenda. Kuanzia hapo ubongo unapokea mapigo ya umeme, si sauti tena.

Mizani ya mwili inaingiaje kwenye sikio? Si inatakiwa iwe kazi ya miguu na macho?

Miguu na macho vinachangia. Lakini kifaa kinachojua kichwa kimegeuka, hata ukiwa umefumba macho umeketi, kiko sikioni, kwenye mfupa uleule na kwenye maji yaleyale ya koklea. Na kinatumia seli zilezile zenye nywele. Tofauti ni kinachozipinda: kwenye koklea ni wimbi la sauti, huku ni kichwa kusogea.

Kila sikio lina mifereji mitatu iliyopinda kama pete, kila mmoja umeelekea upande wake, mfano wa sakafu na kuta mbili zinazokutana kwenye kona ya chumba. Ukigeuza kichwa, mfereji unageuka nacho, lakini maji ya ndani yanachelewa kidogo. Beba ndoo ya maji kichwani ugeuke ghafla, utaona: ndoo imegeuka, maji bado. Maji hayo yaliyobaki nyuma yanasukuma kizibo laini kilichoziba mfereji, na ndani ya kizibo kuna vinywele. Vinapinda, vilango vinafunguka, na mengine ni kama tulivyoeleza.

Seli hizi hazinyamazi hata ukitulia. Zinapeleka mapigo wakati wote, sikio la kulia na la kushoto kwa kiwango sawa. Ukigeukia kulia, kulia kunaongezeka na kushoto kunapungua. Ubongo unasoma tofauti. Shikilia jambo hili, maana ndilo linaloeleza kizunguzungu: sikio moja likinyamaza kwa ugonjwa, tofauti inabaki palepale ingawa mtu amelala kimya, na ubongo unasoma "unazunguka".

Macho nayo yanapokea amri kutoka hapo moja kwa moja. Ukiwa kwenye baiskeli barabara ina mashimo, kichwa kinarukaruka, lakini bado unasoma bango lililo mbele, kwa sababu sikio linaamrisha macho yageuke kinyume cha kichwa ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Jipime: shika karatasi yenye maandishi uitikise kwa haraka mbele ya uso, hutaweza kusoma. Kisha iache itulie, utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma. Mtu ambaye masikio yote mawili yamepoteza kazi hii hupata shida kubwa kusoma akitembea.

Na kile kinachojua juu na chini?

Ni vifuko viwili vilivyo chini ya mifereji hiyo. Humo vinywele vimefunikwa na utando kama jeli, na juu ya jeli kumetandazwa punje nyingi ndogo za kalisi kabonati, yaani mawe ya aina moja na chokaa ya matumbawe. Punje zina uzito kuliko maji. Ukiinamisha kichwa zinateleza kufuata mvutano wa dunia na kuvuta jeli. Daladala likiondoka ghafla zinabaki nyuma. Vinywele vinapinda kufuata zinavyokwenda.

Punje hizi ndizo zinazoleta swali linalofuata.

Nikitazama juu kuanika nguo, au nikigeuka kitandani, dunia inazunguka kama nusu dakika kisha inaacha. Ni presha?

Mara nyingi si presha. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62 anayeishi Ngamiani. Ameamka alfajiri, amegeukia ubavu wa kulia kuangalia saa, na ghafla chumba kizima kikaanza kuzunguka. Akashika godoro. Haikuzidi dakika, ikapoa. Akaamka, akaenda zake. Mchana akanyanyua kichwa kufunga kibanio kwenye kamba, ikarudi. Presha akipimwa ni ya kawaida. Masikio hayavumi, na usikivu haujapungua.

Kilichotokea ni kwamba punje zimebanduka kwenye jeli, jambo linaloongezeka na umri au baada ya kugonga kichwa, na zimedondokea kwenye mfereji mmojawapo. Mara nyingi ni ule wa nyuma, kwa kuwa ndio ulio chini mtu akilala chali. Mfereji ule haukuumbwa kubeba mawe. Sasa kila anapogeuza kichwa kwa mwelekeo fulani, punje zinateremka kama mchanga ndani ya chupa, zinaburuta maji, na kizibo kinasukumwa. Sikio hilo linapeleka habari ya kuzunguka, lile la pili halina habari hiyo. Punje zikifika chini zinatulia, na kizunguzungu kinaisha.

Hapo ndipo unapoutambua ugonjwa huu na kuutenganisha na mengine. Kizunguzungu kinaletwa na mkao wa kichwa, hakianzi palepale bali baada ya sekunde chache (punje zinahitaji muda kuanza kuteremka), na hakifiki dakika moja. Ukiyaangalia macho ya mgonjwa wakati huo utayaona yanacheza: yanateleza taratibu, kisha yanaruka kurudi, huku yakijipinda kama gurudumu. Sikio bovu ni lile lililo chini mgonjwa anapolala na kichwa kimegeuzwa upande huo. Kwa mama yetu ni la kulia.

Dawa yake ni ipi?

Vidonge vya kizunguzungu vinaweza kupunguza kichefuchefu, lakini havisogezi punje. Kinachozisogeza ni kugeuza kichwa kwa mpangilio, ili zizunguke mfereji mzima na kudondoka kwenye kifuko zilikotoka. Njia hii ilianzishwa na daktari wa Marekani, John Epley. Kwa sikio la kulia hufanywa hivi, mara ya kwanza ikiwa bora kwa mkono wa mtaalamu:

1. Mgonjwa anaketi kitandani miguu imenyooshwa, mto umewekwa nyuma mahali mabega yatakapofikia. Kichwa anakigeuzia kulia kwa nusu ya pembe mraba.
2. Analazwa chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kikining'inia nyuma kidogo, bado kimeelekea kulia. Kizunguzungu kitakuja. Asiinuke. Subiri kiishe, kisha ongeza nusu dakika.
3. Bila kukinyanyua kichwa, kigeuzwe kushoto kwa pembe mraba nzima. Subiri tena hivyohivyo.
4. Ageuke mwili mzima alale ubavu wa kushoto, kichwa kikienda mbele zaidi mpaka pua ielekee godoroni. Subiri.
5. Ainuliwe kuketi kutokea ubavu huohuo wa kushoto, kidevu kimeinamia kifua.

Kwa sikio la kushoto badilisha pande zote. Wengi hupona kwa mara moja au chache. Isipofaa, sababu ya kawaida ni kuharakisha: mtu anageuzwa punje zikiwa bado njiani, zinarudi zilikotoka. Sababu nyingine ni kuchagua sikio lisilo lenyewe, au punje kuwa kwenye mfereji mwingine ambao una njia yake. Mwenye ugonjwa wa shingo, au aliyewahi kubanduka pazia la ndani ya jicho, asijaribu nyumbani.

Na tafadhali sana, ikiwa kizunguzungu kimeandamana na ulimi kuwa mzito, uso kupinda, mkono kulegea, kuona vitu viwiliviwili, au mtu kushindwa kabisa kusimama, hiyo si habari ya punje. Inaweza kuwa kiharusi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msiendelee kumgeuzageuza kichwa.

Mimi ni mzamiaji. Sikio linauma nikishuka, na siku moja sikujua juu ni wapi. Kwa nini?

Nyuma ya kiwambo kuna hewa, na bahari inakandamiza kwa nje. Ukifika mita 10 shinikizo limekuwa mara mbili ya lile la juu. Hewa ya ndani huongezwa kupitia mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua, na mrija huo hufunguka ukimeza mate au ukibana pua na kupuliza kwa upole. Anza kufanya hivyo mita ya kwanza, kabla ya maumivu. Ukichelewa, shinikizo lenyewe linaubana mrija na hautafunguka. Panda kidogo, jaribu tena. Usipulize kwa nguvu zote, maana unaweza kupasua vidirisha vya ndani ukapoteza usikivu. Ukiwa na mafua, usizamie.

Ukilazimisha, kiwambo kinatoboka. Maumivu yanapungua ghafla, jambo linalomdanganya mtu kuwa mambo yamekaa sawa, kumbe maji ya baharini yameingia. Maji hayo ni baridi kuliko mwili. Yanapoza mfereji mmoja wa mizani ulio jirani, maji ya ndani yaliyopoa yanakuwa mazito na kuanza kutembea, kizibo kinasukumwa, na ubongo unaambiwa unazunguka. Robert Bárány, aliyepewa Nobel ya mwaka 1914, aliligundua jambo hili kwa kuosha masikio ya wagonjwa kwa maji ya baridi. Ndiyo maana maji ya kusafishia sikio yanatakiwa yawe na joto la mwili, nyuzi 37.

Ikikupata huko chini, shika mwamba au kamba ya nanga, usiogelee kwa kuamini hisia. Toa hewa kidogo mdomoni: mapovu yanaelekea juu siku zote. Hali hiyo hupoa maji yakishapata joto la mwili. Ukitoka, usitie matone wala mafuta sikioni kabla halijaangaliwa na daktari.

Seli zikiharibika, zinaota tena?

Kwa binadamu hazioti tena. Ndege hurudishiwa zao, sisi hapana.

Kinachoziua mara nyingi ni kelele. Kiwango kinachokubalika kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unapungua nusu: 88 ni saa 4, na 100, ambayo mbele ya spika za sherehe hufikiwa kwa urahisi, ni dakika 15. Kama inabidi upaze sauti kumsemesha mtu aliye umbali wa mkono, mmeshafika 85 au zaidi. Sikio likivuma baada ya sherehe na asubuhi limetulia, usihesabu kwamba limepona kabisa. Miunganisho ya neva inaweza kuwa imekatika bila kipimo cha kawaida kuonyesha. Mlipuko wa baruti kwenye uvuvi haramu hausubiri dakika 15. Mmoja wa karibu unatosha kupasua kiwambo na kulaza vinywele milele.

Dawa nazo. Sindano ya gentamaisini inaokoa maisha, lakini huingia kwenye seli hizi kupitia vilevile vilango vya potasiamu, na huumiza zaidi upande wa mizani. Mgonjwa anayeichomwa akisema anayumba gizani au vitu vinarukaruka akitembea, amwambie daktari siku hiyohiyo, asisubiri dozi iishe.

Kwa nini roho inachafuka kwenye boti, na nifanye nini?

Ukikaa chini ndani, macho yanaona kuta zimetulia na masikio yanasema unapanda na kushuka. Ubongo haupatanishi, tumbo linalipa. Kaa katikati ya chombo, penye kuyumba kidogo, tazama upeo wa bahari badala ya simu, na kama una vidonge meza kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu tumbo likishachafuka halinyonyi dawa vizuri. Baada ya siku mbili tatu majini ubongo unazoea na kuanza kuyahesabu mawimbi kabla hayajafika. Ndiyo maana nahodha akishuka nchi kavu, hatua zake za kwanza ardhi ndiyo inayomyumbia.